Matofali Themanini na Mawili

Nianze kwa kujisema mwenyewe kabla hamjanisema: mimi ni mtu wa kupenda kuonekana. Mtaani wananiita Tajiri, na jina hilo hakuna aliyenipa. Nilijiandika hivyo kwenye simu yangu kwa utani, watu wakalidaka, na kwa miaka sita nikawa naitikia kwa sauti nzito kana kwamba nilizaliwa nalo.

Nauza televisheni. Ukiingia dukani kwangu wakati ule, ukuta wa kushoto ulikuwa umejaa maboksi kutoka sakafuni hadi darini, arobaini na moja, kila moja na picha ya maporomoko ya maji. Mteja alikuwa akifika pale anasimama, anatazama juu, kisha anashusha sauti kama aliyeingia ofisi ya mkubwa. Nami nilikuwa nasimama nyuma ya kaunta nikijifanya sioni. Ndani ya maboksi yale hapakuwa na televisheni hata moja.

Wenzangu wa biashara hii hawatashangaa. Ukimfungia mteja televisheni ukutani kwake, boksi linabaki, naye hana pa kuliweka, basi unaondoka nalo. Unalipiga gundi upya, unalipanga. Duka lenye nafasi wazi linafukuza watu. Televisheni zangu za kweli zilikuwa ishirini na tatu tu, nazo zilikaa stoo ya nyuma, yenye mlango wa chuma.

Ila mimi nilizidisha. Siku moja feni ilipeperusha boksi la juu kabisa likamwangukia mama mmoja aliyekuwa akiuliza bei. Boksi la inchi sitini na tano lilimgonga utosini likadunda kama mpira. Hakuumia hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua. Alilitazama boksi, akanitazama mimi, akaondoka bila kuaga. Jumamosi ileile nilikwenda nyumbani kwa baba mkwe wangu, ambaye alikuwa amemaliza kujenga uzio na kubakiza rundo la matofali nyuma ya nyumba. Mwenyewe hakuwepo. Nilipakia matofali themanini na mawili kwenye gari la kukodi, nikaweka mawili katika kila boksi, nimeyaviringisha magazeti yasigonge. Nilijiambia nitamwambia akirudi. Akarudi, mwaka ukapita, wa pili ukapita.

Baba mkwe wangu alikuwa karani wa mizani ya malori kwa miaka thelathini na moja. Tangu astaafu, kila Jumapili alikuja dukani na gazeti lake, akafungua kiti cha kukunja, akakaa kifua mbele, mgongo ukiegemea ukuta wa maboksi. Mtu akitaka kupita upande ule ilibidi amuombe asogee, naye hakuwa mwepesi wa kusogea. Nilijua sababu, au nilidhani najua: mzee anajivunia mkwe wake, anataka aonekane na mali nyuma yake. Nilimpiga picha akiwa hapo, maboksi yamemzunguka pande zote, nikaiweka kwenye simu watu waione. Nikaandika chini yake: Mzigo mpya umeingia.

Basi Jumanne moja asubuhi nikakuta mlango wa mbele umekunjwa kama karatasi, kufuli mbili zimekatwa, mlango wa stoo umeng'olewa na nondo. Stoo tupu. Ukuta wa kushoto nao mtupu. Nilisimama katikati ya duka, na kwa mara ya kwanza nikaona rangi ya ukuta ule, kijani kibaya nilichokuwa nimekisahau. Nililia. Nasema wazi kwa sababu sioni faida ya kuficha tena kitu chochote.

Zile ishirini na tatu ndizo zilikuwa biashara yangu yote. Bila kulipwa, duka lingefungwa mwezi huohuo, na mke wangu angetulisha sote kwa mshahara wake wa hospitali, ambako anatunza mafaili ya wagonjwa. Ni yeye aliyenilazimisha kukata bima. Mimi nilisaini pale aliponionyesha kwa kidole. Yeye alisoma mkataba wote, hata maandishi yale madogo ya nyuma, na hapo nilimcheka.

Nilipotoka polisi kuandikisha taarifa, nilimkuta mezani nyumbani, kompyuta imefunguliwa, mkataba uko pembeni. Baba yake alikuwa amekuja kutupa pole, amekaa kwenye kochi na fimbo yake.

"Wanataka tuwajulishe mara moja kwa maandishi," mke wangu akasema. "Haya, nini kimetokea?"

Nikakohoa, nikaanza kumtamkia. "Kwa masikitiko makubwa na moyo uliopondeka, mimi mfanyabiashara mashuhuri…"

"Namba ya mkataba ni ipi?"

"Hiyo inakuja mbele. Andika kwanza duka lililojaa hadi darini."

Hakuandika. Kwenye mstari wa juu aliweka: Taarifa ya wizi wa kuvunja, pamoja na namba ya mkataba na tarehe. Chini yake akaandika sentensi nne. Kwamba usiku wa kuamkia Jumanne duka lilivunjwa. Kwamba televisheni ishirini na tatu zimechukuliwa kutoka stoo. Kwamba polisi wamearifiwa, na namba ya taarifa yao ni hii. Kwamba hatujatengeneza mlango wala kugusa kitu, ili mtu wao aje aone. Nilimwambia barua hiyo haina uchungu. Akasema uchungu hauna kiambatisho.

Kisha akaanza kukusanya vinavyoambatishwa. Orodha ya televisheni zote, aina, ukubwa, na ile namba ndefu ya kiwandani ya kila moja. Ankara nilizonunulia na hati za kupokelea mzigo. Daftari la stoo, lililoingia na lililotoka. Nakala ya taarifa ya polisi. Picha za kufuli zilizokatwa na alama za nondo kwenye mlango, kwa sababu bima ya wizi haikulipi kama mwizi amepita mlango uliouacha wazi. Makadirio ya fundi wa kutengeneza milango. Nilitaka tuweke bei ninayouzia. Akasema bima inakurudishia ulichonunulia, haikulipi faida ambayo hujaipata. Tulibishana kidogo, yaani mimi nilibishana.

Mzee alikuwa akitusikiliza kutoka kochini. Mara akauliza: "Mbona ishirini na tatu? Ukutani peke yake mimi nilikuwa nahesabu arobaini na moja."

Mke wangu akaacha kuandika. Yeye alijua habari ya maboksi matupu, ingawa ya matofali hakuijua. Alinitazama kwa jicho linalosema haya, mwambie sasa. Nami ningeweza. Watu watatu sebuleni, wote wa kwangu.

"Hizo zina orodha yake, baba," nikasema. "Itafuata."

"Ahaa," mzee akasema.

Mke wangu alituma barua pepe ile vilevile ilivyo, vitu sita, hakuna la ziada. Alipokwenda jikoni nilichukua simu yangu, nikatuma ya pili mimi mwenyewe. Niliambatisha picha ya mzee mbele ya ukuta wa maboksi, na maneno haya: Mjionee wenyewe duka lilivyokuwa. Niliona ile barua ya kwanza imeniacha uchi. Watu wa bima wangenidhania mchuuzi wa televisheni ishirini na tatu.

Alhamisi polisi wakapiga simu. Wamepata kitu, nifike. Mzee akasema mkwe wake haendi kituoni peke yake, akavaa koti, tukaenda.

Uani nyuma ya kituo, maboksi yangu yalikuwa yamerundikwa, yamelowa, mengine yamepasuka. Yameokotwa kwenye mfereji, kilomita nne kutoka dukani. Askari mwenye kesi yangu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa amesimama na daftari.

"Wezi wako nao wana kazi," akasema. "Wamebeba matofali kilomita nne. Fungua uone. Kila boksi mawili, tena yamefungwa gazeti kama mikate. Haya ni ya kwako?"

Mzee alikuwa bega kwa bega na mimi. Matofali yalikuwa na alama ya duara katikati, alama ya mfyatuaji aliyemfyatulia mzee uzio wake.

"Si yangu," nikasema.

"Hata maboksi?"

"Maboksi kama haya yamejaa mjini, afande."

Akaandika. Mzee akainama polepole, akachukua tofali moja, akaligeuza, akalitazama lile duara, akalirudisha mahali pake. Akatoa leso akafuta vidole kimoja kimoja.

"Twende, mwanangu," akasema.

Njia nzima alizungumzia hali ya hewa.

Jumatatu akaja mkadiria hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima kupima kama unachodai ndicho ulichopoteza. Nilitarajia mzee aliyevaa tai. Akaja dada mwembamba mwenye viatu vya kutembelea, na kamera, na futi ya kuvuta. Alipiga picha kufuli, akapima mlango, akalinganisha daftari langu na ankara moja baada ya nyingine, na zote zikaafikiana. Nikaanza kumpenda. Kisha akatoa karatasi mkobani. Ilikuwa ile picha ya mzee, imechapishwa kwa rangi.

"Nahesabu maboksi arobaini na moja," akasema. "Yalikuwa na televisheni ndani?"

Mzee naye alikuwepo, kwenye kiti chake, mbele ya ukuta wa kijani. Siku ile haikuwa hata Jumapili. Mgongo wake haukuwa na cha kuegemea.

"Dada," nikasema, nikacheka kile kicheko changu cha Tajiri, "duka la mtu kama mimi litawekaje maboksi matupu?"

Ninavyojitetea, huo haukuwa uongo, lilikuwa swali. Yeye aliliandika kama jibu. Akauliza mbona hayamo kwenye dai. Nikasema orodha yake inafuata. Akaandika na hilo.

Siku mbili baadaye barua pepe yake ikaja. Mke wangu aliisoma kwa sauti tukiwa wawili tu, nami nainakili hapa kwa sababu naijua kwa moyo:

"Kwa picha uliyotuma na maelezo yako ya mdomo, siku ya wizi dukani palikuwa na televisheni sitini na nne. Thamani uliyoiwekea bima inatosha takriban ishirini na nne. Bidhaa zinapokuwa na thamani kubwa kuliko bima, mkataba unasema fidia ipunguzwe kwa uwiano huohuo. Kwa hiyo ninachoweza kupendekeza ulipwe ni sehemu tatu kati ya nane za hasara uliyothibitisha. Aidha, ankara zako hazionyeshi popote ulipozinunua televisheni arobaini na moja za ukutani. Tafadhali toa maelezo kwa maandishi ndani ya siku saba."

"Sijaelewa," nikasema, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

Mke wangu akachukua kalamu. "Ulikata bima ya mtu mwenye televisheni ishirini na nne. Ukawatumia picha ya mtu mwenye sitini na nne. Wanasema umelipia bima ya sehemu tu ya mali yako, basi nao wanabeba sehemu tu ya hasara." Akapiga hesabu. "Katika zile ishirini na tatu, watakulipa nane na kipande cha ya tisa."

"Lakini sikuwa na sitini na nne!"

"Mimi najua. Waambie wao." Akageuza mkataba, akaweka kidole kwenye yale maandishi niliyowahi kumcheka. "Na hapa wanasema mtu akitoa maelezo ya uongo kwenye dai, wanaweza kukataa lote. Hata hizo nane."

Nilikaa. Miaka sita nimehangaika watu waamini nina mali. Nimetumia gundi, magazeti, matofali ya watu. Kazi yangu ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata kampuni ya bima, ambayo haiamini mtu, ilikuwa imeniamini.

"Sasa inabidi uthibitishe kwamba ulikuwa maskini," mke wangu akasema. Hakucheka. Baadaye alicheka, sana, hadi akashika ukuta, lakini siku ile hakucheka.

Hapo ndipo nikamwambia na habari ya matofali. Alifumba macho. "Matofali ya baba," akasema. "Na pale kituoni ulikuwa na nani?"

Nikavuta kompyuta upande wangu.

Nilimwandikia mkadiria jioni ileile. Safari hii nilichapa mwenyewe, kidole kimoja, na hakuna mfanyabiashara mashuhuri popote. Niliandika kwamba maboksi ya ukutani yalikuwa matupu, kwamba nilimjibu vibaya kwa aibu, kwamba hakuna orodha ya pili na haitakuwepo, na kwamba sidai chochote kwa ajili ya maboksi hayo. Nikauliza ushahidi gani atakubali.

Akajibu kesho yake asubuhi, bila maneno ya kunipa pole wala kunisema. Anataka maboksi yenyewe, maana ubavuni mwa kila boksi kuna karatasi yenye namba ya televisheni iliyokuwa ndani. Anataka risiti zangu za mauzo zenye namba hizohizo, zikionyesha kila televisheni ilishauzwa kitambo. Anataka taarifa ya polisi irekebishwe, kwa sababu ameiona, na humo nimesema maboksi si yangu. Na mwisho, anataka maelezo yaliyosainiwa na mtu asiye mfanyakazi wangu wala mkazi wa nyumbani kwangu, aliyejua kabla ya wizi kwamba maboksi yalikuwa matupu.

Hilo la mwisho lilinimaliza. Nilikuwa nimehakikisha mtu wa namna hiyo hayupo.

Nikaanza na rahisi. Nilirudi kituoni.

"Afande, nimekuja kuchukua maboksi yangu."

"Yapi? Wiki iliyopita ulisema yamejaa mjini."

"Ni yangu."

"Na matofali?"

"Na matofali."

Akaita mwenzake aje asikie. Nilirudia. Akamwita na yule wa mapokezi, nikarudia mara ya tatu, nikamaliza kueleza gundi, na feni, na yule mama. Walinitendea kwa heshima, nasema kweli, isipokuwa yule wa mapokezi aliyelazimika kutoka nje. Askari mnene akavuta daftari, akaanza kuandika maelezo yangu mapya. "Matofali themanini na mawili," akasoma taratibu, "mali ya mlalamikaji."

Ningenyamaza ingeisha. Lakini nilikuwa nimeshachoka na maneno yanayokaribia kuwa kweli.

"Matofali si mali yangu. Ni ya baba mkwe wangu."

Akaweka kalamu chini. "Alikupa?"

"Niliyachukua."

"Kwa ruhusa?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Yaani wewe," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "umekuja kushtaki wizi." Akanifungulia maboksi niandike namba zake na kuzipiga picha, hilo halikuwa na shida. Lakini matofali, akasema, hayatoki pale na maelezo hayafungwi mpaka mwenyewe aseme ni yake na hana shauri nami. "Nenda kamlete mzee. Si ndiye yule uliyekuja naye?"

Kutoka kituoni hadi kwa baba mkwe ni mwendo wa dakika ishirini. Mimi nilitumia saa nzima. Nilipita mbele ya uzio wake mara mbili, kila tofali na duara lake, nikihisi yananitazama yote. Mwisho nikabisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama katikati ya sebule, kwa haraka: maboksi matupu, matofali, uongo wa kituoni, uongo wa mezani, barua ya mkadiria na sehemu tatu kati ya nane. Nilimwambia sikuwahi kuwa tajiri, na kwamba binti yake ndiye amekuwa akilipa umeme wa duka tangu mwaka juzi. Nilimwambia naona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Hata nilipomaliza niliendelea kusema.

Aliinuka, akaingia chumbani. Nilidhani amenisusa. Akarudi na karatasi mbili zilizokunjwa, zimeandikwa kwa mkono, ule mwandiko wa makarani wa zamani ulionyooka kama reli. Juu kulikuwa na tarehe. Ilikuwa tarehe ya Ijumaa, siku moja baada ya kutoka wote kituoni.

"Nilijua watazitaka," akasema. "Mzigo usiolingana na karatasi zake, lazima aitwe mtu wa mizani. Nilikuwa nangoja tu uje."

Nilizibeba nyumbani. Mke wangu alikuwa kazini. Nikazipiga picha zile karatasi kuambatisha, lakini mkadiria alikuwa ameomba maelezo yachapwe pia, ili yasomeke vizuri. Kwa hiyo nilikaa kwenye kompyuta nikayachapa mwenyewe, neno kwa neno, maneno ya mzee juu yangu:

"Mimi ni karani mstaafu wa mizani. Mwenye duka ni mume wa binti yangu. Siishi kwake na sijaajiriwa naye. Nathibitisha kwamba maboksi yaliyokuwa ukutani hayakuwa na televisheni. Nilijua hivyo tangu Jumapili ya kwanza niliyokaa pale, kwa sababu nilinyanyua moja. Televisheni ya ukubwa ule ina uzito uliotandaa boksi zima. Boksi lile uzito wake ulikuwa sehemu mbili, chini, na ukiliinamisha unahama. Nilitambua ni matofali. Wiki hiyohiyo nilihesabu rundo langu nikakuta yamepungua themanini na mawili. Maboksi yalikuwa arobaini na moja, hesabu ikakubali.

"Matofali ni yangu. Sina shauri naye, ila nitaomba yarudishwe.

"Sikumwambia kwamba najua, kwa sababu alikuwa akiutazama ukuta ule kwa furaha. Niliona siku mtu akiyagusa maboksi, mkwe wangu ataaibika mbele za watu. Kwa hiyo kila Jumapili niliweka kiti changu mbele ya ukuta ule, ili asipite mtu kuyagusa. Nimekaa hapo miaka miwili na miezi minne."

Nilichapa aya ile ya mwisho mara tatu, kwa sababu sikuwa naona vizuri. Kisha nikaandika juu yake: Kiambatisho namba tisa. Nikaangalia tena namba ya mkataba. Nikatuma.

Mzee alikwenda kituoni na mimi asubuhi iliyofuata, akasaini kwamba matofali ni yake. Askari akamuuliza kama ana hakika hataki kunifungulia kesi. Mzee alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Barua pepe ya mkadiria ilikuja baada ya siku kumi na mbili. Namba za maboksi zimelingana na risiti za mauzo, yote arobaini na moja. Bidhaa zilizokuwemo siku ya wizi ni televisheni ishirini na tatu, na bima inazitosha. Amependekeza zilipwe zote kwa bei ya kununulia, pamoja na milango, ukitoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unasema naibeba mwenyewe. Chini kabisa, baada ya jina la kampuni yake, alikuwa ameongeza mstari mmoja: Nisalimie mzee wa mizani.

Duka limefunguliwa tena. Televisheni zote ziko mbele sasa, mtu anazihesabu kwa kutupa jicho, na ukuta wa kushoto hauna kitu. Nimeupaka rangi nyeupe. Wateja wengine wanachungulia na kupita, na hilo linaniuma kila mara, sidanganyi. Tajiri wanaendelea kuniita, ila sasa wanacheka kwanza, maana yule askari wa mapokezi anakaa mtaa wetu.

Matofali niliyarudisha kwa mikono yangu, mzee akihesabu kwa sauti kutoka barazani. Yalitimia. Jumapili iliyofuata alikuja dukani na gazeti lake kama kawaida, akafungua kiti, akasimama nacho kidogo mbele ya ukuta mweupe. Kisha akakibeba, akaja kukiweka nyuma ya kaunta, karibu na changu, akakaa.

"Huku kuna upepo zaidi," akasema, akafungua gazeti.